Faida imepanda kwa asilimia 57, gawio limekatwa: tusome mstari upi wa ripoti?

Mwekahazina_Milimani (Kisumu)

Hamjambo wadau. Naomba msaada wenu kabla ya Jumamosi, siku ambayo chama chetu kinakutana. Tuna hisa 40,000 za kampuni moja ya majani chai iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Tulizinunua mwaka jana kwa shilingi 24 kila moja. Jina la kampuni naliacha, na tarakimu nimezikata ziwe rahisi kusomeka.

Redioni tulisikia kwamba faida imepanda kwa asilimia 57. Wanachama walifurahi sana, mpaka barua ya gawio ilipofika: mwaka uliotangulia kampuni ilitoa shilingi 1.50 kwa hisa, mwaka huu ni shilingi 1. Bei ya hisa nayo imeshuka hadi 20. Sasa mimi ndiye ninayeulizwa, na wapo wanaosema wazi kwamba wakurugenzi wamekula pesa yetu.

Haya ndiyo niliyotoa kwenye ripoti, kwa mamilioni ya shilingi. Namba ya kwanza ni ya mwaka uliotangulia, ya pili ni ya mwaka huu.

Mauzo: 4,000 / 4,600
Gharama ya bidhaa zilizouzwa: 2,800 / 3,450
Ongezeko la thamani ya mali hai: 20 / 260
Mapato mengine: 60 / 190
Gharama za usambazaji na utawala: 780 / 860
Riba ya mikopo: 100 / 140
Faida kabla ya kodi: 400 / 600
Faida baada ya kodi: 280 / 440
Jumla ya mapato kamili ya mwaka: 280 / 1,140
Faida kwa kila hisa: 2.60 / 3.60

Kampuni ina hisa milioni 100. Nikigawa 440 kwa 100 napata shilingi 4.40, wao wameandika 3.60. Hata hapo sijaelewa.

Kijana_wa_Kondele

Dada, mauzo yamepanda, faida imepanda, hilo halina ubishi. Lakini wewe unaangalia mstari usio wenyewe. Shuka mpaka chini kabisa: 1,140. Kampuni imetengeneza bilioni moja na milioni 140, halafu ikawagawia milioni 100. Hiyo bilioni iliyobaki iko wapi? Mkiuliza swali hilo kwenye mkutano mkuu mtapata majibu.

MtunzaVitabu (Nakuru)

Dada mweka hazina, tuanze na hiyo 3.60, maana hapo umekaribia sana. Rudi kwenye ukurasa ule ule, chini kidogo ya mstari wa faida baada ya kodi. Utakuta 440 imegawanywa mafungu mawili. Fungu moja ni la wenye hisa wa kampuni mama, yaani nyinyi. Fungu la pili ni la watu wengine wenye hisa ndani ya kampuni tanzu ambayo haimilikiwi yote na kampuni yenu. Tuandikie mafungu hayo.

Mwekahazina_Milimani

Nimeyaona. Letu ni 360, la wengine ni 80. Mwaka uliotangulia letu lilikuwa 260 na lao 20. Maelezo ya nyuma yanasema kuna kampuni tanzu ya viwanja na nyumba ambayo kampuni yetu ina asilimia 60 yake.

MtunzaVitabu

Basi 360 gawa kwa hisa milioni 100, ndiyo 3.60 yako. Faida baada ya kodi ni ya kundi zima la kampuni, pamoja na sehemu ambayo si yenu. Faida kwa kila hisa huhesabiwa kwa fungu lenu peke yake. Kwa hiyo redio ilitangaza asilimia 57 kwa 440 dhidi ya 280, na haikusema uongo. Ila kilicho chenu kimepanda kutoka 260 hadi 360, ambayo ni asilimia 38.

Tofauti hiyo inaweza kugeuka upande wa pili pia. Safaricom, kwa mwaka ulioishia Machi 2024, ilikuwa na faida ya kundi ya karibu bilioni 42.7, lakini fungu la wenye hisa wa Safaricom yenyewe lilikuwa karibu bilioni 63. Sababu ni hasara ya Ethiopia: sehemu ya hasara hiyo ilibebwa na wabia wenzao kule, kwa hiyo fungu la wenye hisa wa hapa likawa kubwa kuliko la kundi zima. Aliyesoma mstari mmoja aliona habari mbaya, aliyesoma mwingine akaona habari njema, na wote wawili walikuwa wanasoma ukurasa mmoja.

Ya Kondele nitayarudia. Kwanza dada, fungua maelezo ya "mapato mengine" na ya mali hai, utuambie ndani yake kuna nini.

DukaLaJumla (Kakamega)

Samahani kuingilia, lakini jambo hili linanihusu. Mimi nauza sukari na unga kwa jumla, na kila mwezi nalipa KRA asilimia 3. Nauliza: hiyo asilimia 3 ni ya faida au ya mauzo? Maana kijana anayenijazia fomu ameniambia ni ya mapato, na mimi mapato yangu ni kile ninachobaki nacho jioni.

MtunzaVitabu

Mama, hiyo ni kodi ya mauzo ghafi, kwa biashara yenye mauzo ya kuanzia milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Asilimia 3 ilianza Julai 2023. Hukatwa kwenye kila shilingi inayoingia dukani, kabla ya kutoa bei ya kununulia, pango wala mshahara.

Tuseme mfuko wa sukari wa kilo 50 unaununua kwa 6,000 na kuuuza kwa 6,300. Unabaki na 300. Kodi ni asilimia 3 ya 6,300, yaani 189. Kinachobaki ni 111, na bado hujalipa wa kupakua mzigo. Kwa muuza nguo ambaye nusu ya bei ni faida yake, asilimia 3 haimsumbui. Kwa muuza sukari wa jumla ni zaidi ya nusu ya faida. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna uondoke kwenye utaratibu huo, ulipe kodi ya kawaida inayokatwa kwenye faida. Ila itabidi utunze vitabu na risiti za kila gharama. Nenda na hesabu zako kwa mtu wa kodi kabla hujaamua.

DukaLaJumla

Asante mwanangu. Na mimi nimekuwa nikisema napata asilimia 5 kwa mfuko, maana 300 kwa 6,000 ni 5.

MtunzaVitabu

Hiyo 5 ni kile unachoongeza juu ya bei ya kununulia. Ripoti za kampuni zinagawa kwa bei ya kuuzia, kwa hiyo kwako ingeandikwa 4.8. Kwenye sukari tofauti ni ndogo. Kwenye chai ya huyu dada si ndogo hata kidogo: faida ghafi ya asilimia 25 maana yake bidhaa iliyogharimu 75 imeuzwa 100, na mwenye duka angesema ameongeza 33. Ukilinganisha duka lako na kampuni, hakikisha nyote mnagawa kwa kitu kimoja.

Mwekahazina_Milimani

Nimerudi na maelezo. Katika mapato mengine ya 190, milioni 150 ni faida ya kuuza kiwanja hapo Nakuru mjini. Kiwanja kilikuwa cha hiyo kampuni tanzu. Zilizobaki 40 ni riba ya benki na kodi za nyumba. Mali hai ni miti ya mikaratusi wanayopanda kwa ajili ya kuni za kiwandani, pamoja na majani mabichi ambayo hayajachumwa. Kati ya 260, karibu zote ni mikaratusi.

MtunzaVitabu

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo ripoti inaposema mambo ambayo redio haikusema.

Juu kabisa kuna mauzo, 4,600. Yamepanda kwa asilimia 15. Lakini gharama ya kuzalisha chai hiyo imepanda kwa asilimia 23. Toa moja kwa nyingine: mwaka uliotangulia walibaki na 1,200, mwaka huu 1,150. Kwa hiyo wameuza zaidi na kubaki na kidogo zaidi. Ukitaka kulinganisha miaka hii miwili kwa haki, gawa kwa mauzo ya kila mwaka: walikuwa wanabaki na shilingi 30 katika kila mia ya mauzo, sasa wanabaki na 25.

Toa gharama za usambazaji na utawala. Mwaka uliotangulia inabaki 420, mwaka huu 290. Hiyo ndiyo kazi ya chai yenyewe, kupanda, kuchuma, kusindika na kuuza. Imeshuka kwa asilimia 31. Kwa kila mia ya mauzo, 10.50 imekuwa 6.30.

Sasa faida kabla ya kodi ilipandaje kutoka 400 hadi 600, ikiwa chai imeshuka hivyo? Jibu ni vitu viwili ulivyovileta wewe: miti 260 na kiwanja 150, jumla 410. Ukiviondoa hivyo viwili, 600 inabaki 190. Na hata mwaka uliotangulia ukiondoa ile 20 ya miti, 400 inabaki 380. Biashara mnayodhani mmeinunua imepata nusu ya ilichopata mwaka uliotangulia.

Mkulima_Njoro

Nakuunga mkono kwa kiwanja. Mimi nafuga, na mwenye kuuza ng'ombe hawezi kusema ameuza maziwa mengi mwaka huo. Mwakani kiwanja hicho hakipo tena.

Lakini kwa miti nina swali. Mimi nina ekari mbili za mikaratusi. Miti yangu ikikua nene zaidi, mimi ni tajiri zaidi, hata kama sijakata hata mmoja. Kwa nini unaiondoa kana kwamba si faida ya kweli?

MtunzaVitabu

Swali zuri mzee, na sikusema si faida. Kanuni za kimataifa za hesabu ndizo zinazoamuru iingie kwenye faida: mti ulio hai, unaokuzwa ili ukatwe, huandikwa kila mwaka kwa thamani ya soko ukitoa gharama za kuuza, na mabadiliko yote huingia kwenye faida ya mwaka huo. Vichaka vya chai vyenyewe vilikuwa hivyo hivyo, mpaka vikatolewa kuanzia Januari 2016. Tangu hapo vinaandikwa kama mashine, kwa gharama na kuchakaa kwake. Majani yaliyo juu ya kichaka ndiyo yaliyobaki kwenye thamani ya soko. Mkaratusi haukutolewa kwa sababu ukishakatwa, umevunwa wenyewe.

Tatizo ni jinsi thamani inavyopatikana. Mti wako wa miaka mitatu hauna mnunuzi leo. Mthamini anakadiria utatoa mita ngapi za ujazo ukikomaa, bei itakuwa ngapi, halafu anapunguza pesa hiyo ya baadaye kwa kiwango fulani cha riba ili apate thamani ya leo. Akishusha kiwango hicho kidogo tu, thamani inaruka, na hakuna mti hata mmoja ulioongezeka unene. Kwa hiyo 260 inaweza kuwa ni miti iliyokua, au bei ya kuni iliyopanda, au kiwango kilichobadilishwa ofisini. Dada, maelezo ya mali hai yanataja kiwango hicho?

Mwekahazina_Milimani

Yanataja. Mwaka uliotangulia asilimia 16, mwaka huu 13. Kuna pia jedwali linalosema kiwango kikipanda kwa 1, thamani ya miti itashuka kwa milioni 45.

MtunzaVitabu

Jedwali hilo ni la thamani kuliko hotuba ya mwenyekiti. Pointi tatu mara 45 ni kama 135. Si hesabu kamili, kwa sababu athari haiendi kwa mstari ulionyooka, lakini inatosha kutuambia kwamba karibu nusu ya 260 imetoka kwenye kubadilisha kiwango. Inaweza kuwa ni sahihi kabisa, riba za mikopo ya serikali zikishuka kiwango hicho nacho hushuka. Ila haikuongeza kuni hata kipande kimoja.

Nusu nyingine hatuijui. Kampuni inahimizwa itenganishe kukua kwa miti na kubadilika kwa bei, lakini hailazimishwi, na wengi hawatenganishi.

Mkulima_Njoro

Hapo nimekuelewa kwa kiwango. Kwa kukua kwenyewe bado naona ni faida. Mti ulikuwa fito, sasa ni nguzo. Mtu alipalilia, mtu alilinda.

MtunzaVitabu

Sikupingi mzee. Ningeweza kuiacha sehemu hiyo ndani, kama wangenionyesha ni kiasi gani.

Kijana_wa_Kondele

Mnazunguka sana. Mimi bado nasubiri jibu la 1,140. Ripoti yenyewe imeandika "jumla ya mapato kamili". Kamili ni kamili.

MtunzaVitabu

Ndugu yangu, uko sawa kwamba ndiyo jumla ya kila kilichobadilisha utajiri wa wenye kampuni mwaka huo, ukiacha gawio na mtaji mpya. Lakini angalia kati ya 440 na 1,140: kuna 700. Bila shaka hapo pameandikwa kuthaminiwa upya kwa ardhi.

Mwekahazina_Milimani

Ndivyo. Ardhi ya kampuni mama imethaminiwa upya, 700 baada ya kodi iliyoahirishwa.

MtunzaVitabu

Ndiyo hivyo. Mthamini amepita shambani, ameandika kwamba ardhi ina thamani kubwa kuliko ilivyokuwa vitabuni. Ardhi ni ile ile, chai inayochumwa ni ile ile. Ongezeko hilo halipiti kwenye faida ya mwaka, linakwenda moja kwa moja kwenye akiba ya uthamini. Hata siku ardhi ikiuzwa, ongezeko hilo halitarudi kupita kwenye faida. Kwa hiyo hakuna bilioni iliyofichwa mahali, Kondele. Kuna karatasi ya mthamini.

Na hili ndilo linalofunga swali la gawio. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inataka gawio litolewe kwenye faida zilizokwisha patikana kweli, baada ya kutoa hasara zilizopatikana. Ongezeko la thamani ya ardhi ambayo haijauzwa halimo. Miti isiyokatwa, kwa sehemu kubwa, nayo haimo.

Dada, sasa fungua ukurasa wa mtiririko wa fedha. Tafuta fedha halisi zilizotokana na shughuli za uendeshaji.

Mwekahazina_Milimani

140. Wanaanza na 600, wanatoa 260 ya miti, wanatoa 150 ya kiwanja, wanarudisha uchakavu 200 na riba 140. Halafu wanatoa 150 ya ongezeko la chai ghalani na wadeni, wanatoa riba waliyolipa 140 na kodi waliyolipa 100. Nimejumlisha mwenyewe, inafika 140.

Pesa ya kiwanja iko chini kidogo kwenye uwekezaji, na sehemu inayofuata inaonyesha wamelipa mkopo wa benki.

MtunzaVitabu

Umeshajijibu. Chai imeleta 140 mkononi, na gawio la shilingi 1 kwa hisa milioni 100 ni 100. Wangerudia 1.50 ingekuwa 150, yaani wangekopa ili kuwalipa, au wangetumia pesa ya kiwanja. Mimi nisingewalaumu wakurugenzi kwa kupunguza gawio. Ningewauliza kwa nini gharama ya kuzalisha imepanda kuliko mauzo, na kwa nini chai imejaa ghalani.

Mwalimu_Bungoma

Nimefuata uzi tangu mwanzo. Swali langu ni rahisi: Sacco yetu ya walimu inatulipa riba ya asilimia 11 kwa akiba. Hii kampuni inawapa kiasi gani kwa mia? Maana mmesema 30, 25, 6.30, na sasa sijui ipi nilinganishe na 11 yangu.

MtunzaVitabu

Hakuna hata moja kati ya hizo, mwalimu. Zote hizo zinagawa kwa mauzo. Yako inagawa kwa pesa uliyoweka, na hayo ni marejesho. Ili ulinganishe, chukua pesa ya chama: walitoa 24 kwa hisa, wamepata gawio la 1, na hisa leo inauzwa 20. Wamepata 1 na kupoteza 4 kwa bei, jumla wamerudi nyuma 3 kwa kila 24. Hiyo ni hasara ya asilimia 12.5 kwa mwaka, katika mwaka ambao faida ya kampuni imepanda kwa 57. Kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye gawio, ambayo kwa hisa 40,000 inawaachia 38,000 badala ya 40,000.

Hasara hiyo ya bei haijakaa mfukoni mwa mtu mpaka wauze. Na akiba yako ya Sacco haipandi wala kushuka bei, kwa hiyo hata ulinganisho huo una kasoro yake. Tena usichanganye 11 ya akiba na gawio la hisa za mtaji za Sacco hiyo hiyo, ni viwango viwili tofauti.

MezaYaMikopo (Nakuru)

Nafanya kazi ya mikopo, na kuna kipimo mmekiruka: faida ya wenye hisa gawa kwa mtaji wao ulio vitabuni. Hicho ndicho kinachoonyesha kampuni inatumia vipi pesa ya wenyewe. Dada, mtaji wa wenye hisa mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka ni kiasi gani?

Mwekahazina_Milimani

Mwanzo 3,250. Mwisho 4,160.

MezaYaMikopo

Basi 360 gawa kwa 3,250 ni asilimia 11.1. Wamefanya vizuri kuliko wengi. Mwalimu, hiyo ndiyo ulinganishe na 11 yako.

MtunzaVitabu

Hapo siwezi kukufuata bosi. Kwanza, ukigawa kwa mtaji wa mwisho wa mwaka unapata 8.7. Ukigawa kwa wastani wa mwanzo na mwisho unapata 9.7. Mtaji umeruka kwa sababu ya ile 700 ya ardhi, kwa hiyo mwakani, hata wakipata 360 ile ile, kipimo chako kitashuka na utasema wamezembea.

Pili, ndani ya hiyo 360 unayoigawa kuna miti na kiwanja. Sehemu kubwa ya faida hiyo haitarudi mwakani kwa uhakika wowote.

MezaYaMikopo

Kwetu tunatumia mtaji wa mwanzo kwa sababu ndio waliokuwa nao kazini tangu siku ya kwanza. Ardhi ilithaminiwa mwisho wa mwaka, haikusaidia kuzalisha 360. Kuiingiza kwenye mtaji unaogawia ni kuwaonea.

MtunzaVitabu

Ardhi ilikuwepo mwaka mzima na chai iliota juu yake. Bei yake tu ndiyo iliyokuwa ya zamani. Mimi naona 3,250 ndiyo iliyokuwa ndogo mno, na kipimo cha miaka yote iliyopita kilipendezeshwa nayo.

MezaYaMikopo

Tutatofautiana hapo. Lakini nakubali kwamba atakayeandika asilimia bila kusema amegawa kwa nini, asisomwe.

Niongeze kwa wanaosoma ripoti za benki: huko hakuna mstari wa mauzo. Kuna riba iliyoingia, unatoa riba iliyolipwa kwa wenye akiba, unaongeza ada na biashara ya fedha za kigeni, unapata jumla ya mapato ya uendeshaji. Watu huona mabilioni hayo wakadhani ni faida. Hapo mishahara haijalipwa wala mikopo mibovu haijatengewa kitu.

Kijana_wa_Kondele

Nimekubali kuhusu ardhi. Lakini kama faida ya uendeshaji ndiyo ya kweli, kwa nini redio na ripoti yenyewe hawaiandiki? Dada ameorodhesha mistari yote na hiyo 290 haimo.

MtunzaVitabu

Haimo kwa sababu mpaka sasa kanuni hazijaifafanua. Kampuni moja huiandika, nyingine huiacha, ya tatu huiandika kwa namna yake. Kuna kanuni mpya, IFRS 18, inayoanza kwa miaka ya hesabu inayofunguliwa kuanzia Januari 1, 2027, itakayowalazimu wote kuonyesha faida ya uendeshaji. Ila usiipokee kwa imani yote: chini ya kanuni hiyo, ongezeko la thamani ya miti na faida ya kuuza kiwanja kilichokuwa kikitumiwa na kampuni yatabaki ndani ya uendeshaji. Kwa kampuni kama hii, mstari utakuwepo na bado utalazimika kutoa miti kwa mkono wako.

DukaLaJumla

Hiyo 290 yenu mimi naielewa kuliko zote. Ni ile ya jioni.

Mwekahazina_Milimani

Asanteni nyote. Jumamosi nitawasomea wanachama mistari mitatu tu: chai 420 kwenda 290, fungu letu 260 kwenda 360, na pesa mkononi 140. Wale wanaosema pesa imeliwa nitawaonyesha miti na kiwanja kwa kidole, kwenye ukurasa wenyewe.

Kwa mkutano mkuu nina maswali mawili ya kuwaandikia. La kwanza, gharama ya kuzalisha imepandishwa na nini, kuni, umeme, mishahara au bei ya majani wanayonunua kwa wakulima? La pili, kati ya 260 ya miti, ni kiasi gani kimetokana na kukua?

MtunzaVitabu

Yaandike na uyatume kwa katibu wa kampuni kabla ya tarehe waliyotaja kwenye ilani ya mkutano. Mikutano mingi sasa inafanyika mtandaoni na maswali ya papo hapo hayasomwi yote. Na ongeza la tatu: chai iliyo ghalani imeandikwa kwa bei gani, na baada ya mwaka kufungwa imeuzwa kwa bei gani mnadani Mombasa? Ikiwa imeuzwa chini ya ilivyoandikwa, hata ile 290 ni kubwa mno.

Mkulima_Njoro

Dada, wakikujibu la pili utuletee hapa hapa. Nataka kujua mti wa kampuni unakua kiasi gani kwa mwaka, niupime na wangu.